Fahamu: Kwa nini moshi wa Kampala hung'ang'ania mabondeni alfajiri

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda juu, takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita. Moshi wa moto huwa mwepesi kuliko hewa baridi iliyouzunguka, kwa hiyo hupaa na kutawanyika.

Usiku usio na mawingu wala upepo, mpangilio huo hupinduka. Ardhi hupoteza joto haraka na kuipoza hewa inayoigusa. Kampala ni mji wa vilima, hivyo hewa hiyo nzito huteremka na kutuama mabondeni, huku hewa yenye joto zaidi ikibaki juu yake kama kifuniko. Moshi wa jiko la mkaa au wa taka zinazochomwa hupanda kidogo, hukutana na hewa yenye joto kama lake, kisha hulala na kusambaa kando. Ukiona moshi umepinda hivyo, ujue kifuniko kipo.

Kibaya zaidi, alfajiri, kifuniko kikiwa bado kipo, ndiyo saa ambayo bodaboda na matatu hujaa barabarani na watoto wanakwenda shule.

Jua likishapasha ardhi joto, hewa ya chini huanza kupanda na moshi hutawanyika. Asubuhi ya mawingu mazito, ukombozi huo huchelewa.