Bajaji ya Murabaha: Soma Tarehe, Piga Hesabu

Dereva wa Dar es Salaam anataka bajaji ya shilingi 9,000,000, na mkononi ana 1,800,000. Akiomba murabaha katika benki ya Kiislamu, hapewi fedha. Benki inanunua bajaji, kisha inamuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, na ni lazima aambiwe benki imenunua kwa kiasi gani na imeongeza kiasi gani.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Ukitoa malipo ya awali, zinabaki 7,200,000. Tuseme faida ya benki ni asilimia 12 kwa mwaka na muda ni miaka miwili:

7,200,000 × 0.12 × 2 = 1,728,000

Deni linakuwa 8,928,000. Ligawanye kwa miezi 24, kila mwezi atalipa 372,000. Ukijumlisha na alichotanguliza, bajaji itamgharimu 10,728,000, na bei hiyo haipandi tena. Hata akichelewesha rejesho, benki haina ruhusa ya kuongeza faida. Ikimtoza faini, fedha hiyo hutolewa sadaka.

Lakini hiyo asilimia 12 isimdanganye mtu. Imepigwa juu ya 7,200,000 nzima kwa miaka yote miwili, ilhali deni linapungua kila mwezi. Mkopo wa kawaida wa riba ya asilimia 20, inayopigwa kwenye salio linalopungua, ungekuwa na rejesho la kama 366,450 tu. Anayekimbia riba hatarudi nyuma kwa sababu ya tofauti hiyo, na ana haki yake, ila ni vizuri aijue. Linganisha shilingi kwa shilingi, achana na asilimia.

Kinachoharibu murabaha zaidi ni hatua kufuatana vibaya. Kwanza mteja anaahidi kununua, basi. Benki inanunua na kuipokea bajaji, na katika muda huo, hata uwe wa saa chache, ikiungua hasara ni ya benki. Baada ya hapo ndipo mkataba wa mauzo unasainiwa. Kwa hiyo shika karatasi mbili, ankara ya muuzaji na mkataba wako, utazame tarehe. Mkataba ukitangulia ankara, umeuziwa kitu ambacho benki haikuwa nacho. Na kama fedha ziliingia kwenye akaunti yako uzitumie utakavyo, huo ni mkopo wa riba uliobadilishwa jina.

Liko pia suala la kumaliza deni mapema. Dereva wetu akilipa lote mwezi wa 12, faida ya miezi iliyobaki, 864,000, haifutiki yenyewe, kwa kuwa bei ilishafungwa siku ya mauzo. Benki inaweza kumsamehe sehemu yake kwa hiari. Aulize kabla ya kusaini wateja waliomaliza mapema walipunguziwa kiasi gani.