Mradi Mmoja Unaotumika Hubeba Wasifu

Aliyejifunza kuandika programu peke yake kwa mwaka mzima huwa na miradi ambayo mwajiri ameshaiona mara nyingi: orodha ya kazi za siku, kikokotoo, ukurasa wa hali ya hewa. Yote hutoka kwenye masomo yaleyale ya video, kwa hiyo haionyeshi kama mwombaji anaweza kutatua jambo ambalo mwalimu hakulitatua kwanza. Kinachoonyesha hilo ni mradi mmoja unaotumiwa na watu wengine.

Chukua kikoba cha mtaani. Katibu huandika hisa, mikopo na faini kwenye daftari, na mwisho wa mwaka faida hugawanywa. Kabla ya kuandika chochote, hudhuria kikao, uone anaandika nini na anakwama wapi.

Tuseme faida ni shilingi 1,000,000 na hisa ni 600. Kila hisa inastahili 1,666.67. Programu ikipandisha hadi 1,667, jumla inakuwa 1,000,200, na sanduku linapungukiwa shilingi 200. Ikishusha hadi 1,666, zinabaki 400, na wanachama ndio wanaoamua ziende wapi, pengine kwenye mfuko wa jamii.

```python
gawio = faida // hisa
baki = faida % hisa
```

Mistari hii miwili ni mifupi, lakini sababu yake ndiyo inayomtofautisha mwombaji. Iandike kwenye faili la README: tatizo lilikuwa nini, nani anatumia programu, kwa nini ulishusha badala ya kupandisha, na kipi bado hakifanyi kazi.

Hifadhi kazi kwenye GitHub kila unapomaliza hatua. Ukipakia kila kitu kwa mkupuo mmoja, anayefungua `git log` hataona jinsi ulivyofikiri wala ulivyorekebisha makosa. Majina na namba za simu za wanachama zisionekane hadharani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tengeneza toleo la kujaribia lenye majina ya kubuni, na ufungue kiungo chake kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma maombi.

Kwenye wasifu, weka kazi hii chini ya “Miradi”, si chini ya “Ajira”, na usijiite mkurugenzi wa kampuni isiyokuwepo. Sentensi moja inatosha: “Programu ya hesabu za kikoba, inayotumiwa na katibu kila kikao, hugawa faida bila sanduku kupungukiwa.” Mwombe katibu akubali kuwa mdhamini wako, maana yeye anaweza kupigiwa simu na kuthibitisha.

Mradi huu hauthibitishi kwamba unaweza kufanya kazi na waandishi wengine wa programu. Pengo hilo huzibwa kwa kurekebisha kasoro ndogo kwenye mradi huria wa watu wengine, ambako mwenye mradi husoma kazi yako, hudai marekebisho, kisha huikubali mbele ya kila mtu.