Mjomba ana milioni sita za korosho: apewe hisa au dibencha?

Msimu wa korosho ukiisha, hela ya mnada ikishaingia, Masasi na Newala huwa hawakosi watu wanaoanza kupiga hesabu za kampuni. Tuseme wewe na wenzako wawili mnataka kubangua korosho Newala. Mna milioni 8. Mjomba wako yuko Masasi, ana milioni 6 na yuko tayari kuziweka. Swali linalovunja undugu baadaye ni hili: anaziweka kama nani?

Tuanze na mtaji wa hisa. Hii ni namba mnayoiandika kwenye katiba ya kampuni mnaposajili BRELA. Mkiandika milioni 10 iliyogawanywa kwenye hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja, haina maana kwamba mna milioni 10 benki. Ina maana hicho ndicho kiwango cha juu cha hisa mnachoweza kutoa kwa sasa. Nyie watatu mkichukua hisa 800 na kuzilipia, milioni 8 ndiyo hela halisi. Zile 200 zimebaki tu kwenye karatasi, hazimdai mtu.

Hapa ndipo wengi wanajichanganya. Wanaandika mtaji wa milioni 100 ili kampuni ionekane kubwa, halafu wanagawana hisa zote bila kulipa. Kwanza, ada ya usajili inapanda kadiri mtaji unavyokuwa mkubwa. Pili, hisa uliyochukua bila kulipia ni deni lako kwa kampuni. Kampuni ikifilisika, mfilisi anakuja kulidai kwako.

Sasa mjomba. Akitaka hisa za milioni 6 anahitaji 600, na zilizobaki ni 200 tu. Itabidi mpitishe azimio la kuongeza mtaji na kulipeleka BRELA. Baada ya hapo hisa zilizotolewa zinakuwa 1,400, na yeye ana karibu asilimia 43. Msizoee mambo ya AMCOS, ambako kila mwanachama ana kura moja hata kama hisa zake ni nyingi. Kwenye kampuni, kwa kawaida zinahesabiwa hisa. Mjomba akiungana na mmoja wenu, wanaweza kuwaondoa wakurugenzi.

Njia ya pili ni dibencha, yaani hati ambayo kampuni inakiri kwamba imekopa. Inaandika kiasi, riba, tarehe ya kurudisha na dhamana kama ipo. Mjomba anakuwa mdai, si mwenye kampuni. Hapigi kura. Tuseme riba ni asilimia 15: kila mwaka anapata 900,000.

Chukua mwaka mzuri, faida ni milioni 4 kabla ya riba na kodi. Mkiwa na dibencha, mnatoa kwanza riba, inabaki milioni 3.1. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 ni 930,000, nyie watatu mnabaki na milioni 2.17. Mjomba akiwa na hisa, kodi inakatwa kwenye milioni 4 yote kwa sababu gawio si gharama ya biashara. Inabaki milioni 2.8, na mkigawana yote yeye anachukua milioni 1.2, nyie milioni 1.6.

Unaona dibencha ni tamu? Subiri mwaka mbaya. Faida ikiwa 500,000 tu, mwenye hisa mnamwambia "Mjomba, mwaka huu hakuna gawio," na kisheria hana cha kuwafanya. Mwenye dibencha anadai 900,000 yake ileile. Msipolipa, na hati imeweka mashine ya kubangulia kuwa dhamana, mashine inaweza kuondoka. Kwa biashara inayotegemea msimu mmoja, mimi nisingekubali riba ianze kulipwa kabla ya msimu wa kwanza kuuzwa. Hilo linaandikwa kwenye hati, haliachwi mdomoni.

Kwa upande wa mjomba, kampuni ikifa mwenye dhamana analipwa kwenye ile mali, na wenye hisa wako mwisho kabisa wa foleni. Ila akitaka hela yake mapema, hisa hairudishwi dukani kama shati. Lazima apate mnunuzi, na katiba ya kampuni binafsi inaweza kuwapa wakurugenzi nguvu ya kumkataa mnunuzi huyo.

Na msiweke tangazo la "hisa zinauzwa" kwenye magrupu ya WhatsApp. Kampuni binafsi hairuhusiwi kualika umma kununua hisa wala dibencha zake, na wanahisa wasio wafanyakazi hawatakiwi kuzidi 50.

Mkichagua dibencha yenye dhamana, isajilini BRELA ndani ya siku 42 tangu kuiweka. Ikipita hapo bila kusajiliwa, deni la mjomba linabaki, lakini mbele ya mfilisi na wadai wengine ile dhamana ya mashine haina nguvu tena.