Mguu Mmoja Unapovimba

Mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu akivimba mguu mmoja, mara nyingi hasemi lolote hadi kiatu kikatae kuingia. Hadhani kwamba ni saratani. Hudhani ni matende, au ametegwa, au kisiki kimemchoma shambani. Tuseme mtu huyo anaishi na VVU, ana miaka 40, na alianza ARV miezi miwili iliyopita baada ya kudhoofika sana. Uvimbe wake ni mgumu kama mti: ukiubonyeza kwa kidole, shimo halibaki. Juu ya ngozi kuna mabaka meusi yenye rangi ya zambarau, hayawashi wala hayaumi, na mengine yameanza kuinuka kuwa vinundu.

Hii ni sura ya saratani ya Kaposi. Katika vitabu vingi mabaka hayo huonyeshwa mekundu, lakini kwenye ngozi yetu huonekana meusi au kahawia iliyoiva, kwa hiyo hupita bila kutiliwa maanani. Ndiyo sababu naomba kila mhudumu wa CTC achukue tochi na kumwambia mgonjwa afungue kinywa. Kaakaa lenye baka la zambarau husema mapema kile ambacho mguu unaficha. Hata hivyo macho peke yake hudanganya, maana kovu lililovimba na maambukizi mengine ya ngozi hufanana nayo. Uhakika hutoka kwa kukata kinyama kidogo na kukipeleka maabara ya patholojia.

Ugonjwa huu haukuja na UKIMWI. Madaktari walikutana Kampala mwaka 1961 kuujadili, kwa kuwa ulikuwa wa kawaida katika ukanda huu, Uganda na Kongo ya mashariki, miaka mingi kabla VVU havijajulikana. Mwaka 1994 ndipo kilipogunduliwa kirusi kinachousababisha, HHV-8, ambacho husambaa hasa kwa mate. Wengi hukibeba maisha yao yote bila madhara. VVU vinapobomoa kinga, kirusi hicho hupata nafasi ya kukuza seli za kuta za mishipa.

Hapo ndipo ARV zinapofanya kazi. Haziui saratani, bali huirudisha kinga, nayo kinga humdhibiti adui wake wa zamani. Mwenye mabaka machache ya ngozi tu anaweza kupona kwa ARV peke yake, mabaka yakififia kwa miezi kadhaa. Mkulima wetu hayumo katika kundi hilo. Mguu uliovimba, kidonda, vinundu vingi kinywani, au ugonjwa ulioingia mapafuni na tumboni ni dalili kwamba anahitaji kemotherapi pamoja na ARV.

Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, ukatangazwa mwaka 2020, ulilinganisha dawa za wagonjwa wa namna hii. Baada ya wiki 48, kati ya waliopewa paklitakseli, asilimia 64 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliopewa bleomisini na vinkristini ilikuwa asilimia 44. Dozi ya paklitakseli ilikuwa miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki 3. Mkulima wetu akiwa na mita za mraba 1.6, atapata miligramu 160 kwa dripu. Akipewa mizunguko sita, ni safari sita kwenda hospitali yenye huduma za saratani, kama Bugando kule Mwanza. Kabla ya kila dripu damu hupimwa, maana dawa hushusha chembe nyeupe. Nywele hunyonyoka, nyayo hufa ganzi. Homa katikati ya mizunguko si ya kutuliza kwa panado nyumbani, ni dharura.

Lakini kosa nililoliona likiua wengi si la dozi. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya ARV kinga hufufuka kwa vurugu, na uvimbe unaweza kuongezeka ghafla, pengine na kukohoa na kubanwa pumzi. Mgonjwa huona dawa zinamwua, akaziacha. Au hupewa prednisoloni kwa muda mrefu ili uvimbe upungue, ilhali dawa hiyo huichochea Kaposi. Mkulima wetu alikuwa katika mwezi wa pili hasa. Jibu lake ni kuendelea na ARV kila siku na kuanzishiwa kemotherapi mapema.

Ewe unayesoma ukiwa na mguu wa namna hiyo, usiache vidonge. Nenda CTC kesho, vua kiatu, fungua kinywa, na uombe kinyama kikatwe.