Fahamu: Kwa nini nywele za uzeeni huwa kavu na nyembamba?

Mvi hutokea seli zinazotengeneza melanini, rangi ya asili ya nywele, zinapopungua kwenye mzizi. Unywele mpya ndio huota mweupe, mara nyingi ukiwa mwembamba kuliko wa ujanani.

Ukavu unatoka wapi?

Tezi za ngozi ya kichwa hutoa mafuta machache, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Nywele za kipilipili huathirika zaidi, kwa kuwa mafuta hayo hayafiki nchani kwa urahisi.

Zitunzwe vipi?

Kwa nywele za kipilipili, kuosha kila wiki 1 au 2 kwa shampuu isiyo kali kunatosha. Paka kondishena, chana zingali mbichi kwa chanuo la meno mapana. Misuko ya kubana iachwe: ikivuta kwa miaka, nywele za pembeni huenda zisiote tena. Zikidondoka kwa mabaka, muone daktari wa ngozi.