Rejeleo Linapogeuka Maandishi ya Kawaida

Mwanafunzi wa uzamili ametumia mtindo wa APA. Jarida analopelekea makala linataka Vancouver. Kwa Zotero ndani ya Word, anafungua Document Preferences, anachagua mtindo mpya, na mabano ya majina na miaka yanageuka namba.

Lakini matatu yamegoma. Kibaya zaidi, vyanzo vyake havimo kwenye orodha ya mwisho.

Rejeleo hai hubeba taarifa zilizofichwa nyuma ya maneno yanayoonekana. Akibonyeza Alt+F9, yaliyo hai huonyesha ADDIN ZOTERO_ITEM. Yale matatu hayabadiliki hata kidogo. Huenda aya hizo zilipitia programu nyingine, au zilinakiliwa kutoka faili ambalo mtu alibonyeza Unlink Citations.

Hakuna kitufe cha kuyafufua. Ikiwapo nakala ya zamani ambayo bado ni hai, anakili aya hizo kutoka humo. Isipokuwapo, anafuta kila rejeleo na kuliingiza upya kwa Add/Edit Citation, kazi inayochosha kweli katika tasnifu ndefu, kisha anabonyeza Refresh.

Anayehamia Google Docs aanze na Switch to a Different Word Processor, na Unlink Citations aitumie kwenye nakala ya kukabidhi tu.