Simu ya ofisi ndogo na mpigaji mwenye shilingi tano

Sisi wa pwani tukipokea simu twaanza na afya ya wazee na hali ya mvua. Uungwana huo ni mzuri barazani. Lakini chukulia ofisi ndogo ya kusaidia watu kupata vitambulisho, iko Makina, Kibera, na wengine huipigia kutoka Kawangware. Mpigaji huenda ana shilingi tano za salio, na simu yenyewe ni ya kuazima. Maneno ya karani wa mapokezi yapangwe kwa kumfikiria huyo.

Nianze na sauti iliyorekodiwa. Mpigaji akiambiwa mteja hapatikani, hakatwi kitu. Sauti ya ofisi ikishajibu, salio laanza kwenda kama simu yoyote iliyopokewa. Kwa hivyo maneno yasizidi sekunde 15, na yasimwombe aache maelezo marefu:

"Habari. Hii ni ofisi ya vitambulisho, Makina. Kata simu, utume ujumbe wenye jina lako na mtaa wako. Tutakupigia leo kabla ya saa kumi jioni."

Ile saa iliyotajwa ndiyo inayomzuia mtu asipande matatu bure kuja kuuliza. Asiyejua kuandika ataflashi tu, basi nambari zote zilizoflashi ziingie daftarini na zipigiwe.

Karani akiwa mezani, ataje ofisi, ataje jina lake, kisha aulize mara moja: "Nambari hii ni yako au umeazima? Nikikupigia nikupate wapi?" Hilo latangulia kila kitu, maana salio likiisha katikati ya kisa, mtu amepotea. Ndipo aulize jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na mtaa.

Hapo kwenye mtaa ndipo makosa mengi hutokea. Kijana asema yuko Soweto. Soweto iko Kibera, na iko Kayole pia. Karani asipouliza "Soweto ya wapi?", kijana ataelekezwa kwa chifu asiye wake, apoteze siku ya kibarua. Wa Kawangware naye aulizwe kama ni Gatina, Kongo au Kabiro.

Kumpigia mtu baadaye kuna hatari yake. Simu iliyoazimwa itapokewa na jirani, na jirani atauliza kuna nini. Karani aseme tu: "Naomba kuongea na aliyetumia simu hii asubuhi. Akija, mwambie anipigie, au aflashi." Asitaje kitambulisho wala ofisi. Jirani akishajua uraia wa mtu unaulizwaulizwa, habari hiyo hailali nyumba moja.

Asipopatikana, ajaribiwe tena jioni, kwani wa mjengo hawashiki simu mchana. Na karani akienda kuswali au kula, simu isipopokewa kwa sekunde 20 ihamie kwa mwenzake:

```
**61*NAMBARI**20#
```

Akirudi, aiondoe kwa `##61#`.